Juu ya mnara wa Kampala Mkongwe

Juzi nilipanda mnara wa msikiti mkubwa pale Old Kampala, ngazi mpaka magoti yakalegea. Ukifika juu unaona Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki, na Mengo kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Vilima vinatazamana jirani kabisa!

Nikawaza ya mwaka 1888. Waislamu na Wakristo walishirikiana kumng'oa Kabaka Mwanga, wakamtawaza Kiwewa, na haikupita hata miezi miwili Waislamu wakawafukuza Wakristo. Kiwewa alipokataa kutahiriwa, akaondolewa naye, akawekwa Kalema.

Mwanga alirudi kwa nguvu ya Wakristo, na hapo ndipo utamu ulipo. Vyeo viligawanywa kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, na cheo kilikuwa na ardhi na watu wake. Wakakubaliana kwamba chifu akibadili dini, anapoteza cheo. Sasa Mwanga mwenyewe alielemea kwa Wakatoliki, na wengi walifuata alikoelemea mfalme. Waprotestanti wangeruhusu watu wahame na vyeo vyao, wangebaki na nini? Nadhani ugomvi ulikuwa wa mashamba kuliko wa sala.

Tarehe 24 Januari 1892 bunduki zililia Mengo. Lugard, ofisa Mwingereza aliyekuwa na ngome kwenye kilima hikihiki nilichosimama, aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Mwanga akakimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Baadaye Wakatoliki wakapewa jimbo la Buddu, na mpaka leo Masaka, iliyomo humo, ni ngome yao.