Saa 12 ya nani?

Saa 1:00 asubuhi. Chai haijapoa, ujumbe wa Mwalimu umeingia: "Mwanangu, kipindi cha mwani kiko wapi? Kinamama wa Paje wananiuliza mimi." Podikasti yetu hutoka kila Ijumaa saa 12 asubuhi. Mwalimu ndiye anayezungumza kwenye kipindi, mimi naandaa faili na mlisho wa RSS, ile orodha ya vipindi ambayo programu za kusikilizia huisoma.

Saa 2:15. Nimefika Vuga, daladala imejaa mpaka mlangoni. Nafungua mlisho. Kipindi kimo, sauti inacheza nikibonyeza kiungo chake. Basi tatizo si faili. Nashuka mpaka kwenye tarehe:

```
<pubDate>Fri, 10 Oct 2025 12:00:00 +0300</pubDate>
```

Nikacheka peke yangu. Jana nilimwachia kijana anayejifunza kwangu, nikamwambia "saa kumi na mbili asubuhi", naye akaandika 12. Mlisho hauhesabu saa kama sisi. Kwake 12:00 ni adhuhuri, saa 6 yetu. Programu nyingine za kusikilizia zikiona saa bado haijafika, hukificha kipindi mpaka ifike. Hapo ilitakiwa 06:00:00, na hiyo +0300 ibaki, maana ndiyo saa ya Afrika Mashariki. Akiweka +0000 kitachelewa saa 3.

Saa 2:30. Narekebisha tarehe tu. Kuna mstari wa `<guid>` ambao siugusi hata kwa dawa. Ndio utambulisho wa kipindi. Mwaka wangu wa kwanza niliubadilisha nikisahihisha kichwa cha habari, programu zikadhani ni kipindi kipya, wasikilizaji wakakipata mara mbili. Kichwa, maelezo, hata faili ya sauti unaweza kubadilisha, guid iache.

Saa 4:00. Kimeshaonekana kwenye programu moja, nyingine bado. Saraka za podikasti hazihifadhi mlisho wetu moja kwa moja, huja kuusoma kwa zamu zao. Namwambia Mwalimu asubiri. Hasubiri, anapiga simu mara mbili.

Saa 6:00. Msikitini, halafu urojo.

Saa 8:30. Kipindi cha wiki ijayo: dakika 24, MP3 ya mono, kbps 96. Kijana ananiletea mstari wa faili, kwenye `length`, yaani ukubwa wa faili, kaandika 17. Hizo ni megabaiti, bwana, pale zinatakiwa baiti. Namkalisha tupige hesabu: kbps 96 ni baiti 12,000 kwa sekunde, mara sekunde 1,440, inakuja 17,280,000. Faili yenyewe inazidi kidogo kwa sababu ya picha na jina lililomo ndani, kwa hiyo tunachukua ukubwa halisi kutoka kwenye kompyuta:

```
stat -c %s mwani-02.mp3
```

Saa 10:45. Kabla hajaondoka, namuuliza kipindi kijacho kinatoka saa ngapi. "Saa kumi na mbili." Kwenye mlisho je? Akatazama dari kidogo. "Sita, kaka. Sifuri sita."