Siku moja na shahidi aliyeona gizani

Saa kumi na moja alfajiri napanda basi Mtwara kwenda Lindi na jalada moja tu: unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana, ambalo adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Saa mbili namwamkia mama wa mshtakiwa nje ya mahakama, na jirani aliyemsindikiza ananiuliza iwapo fedha ya kutetea majambazi ina baraka. Nimezoea. Karandinga la mahabusu linafika saa tano, nasi tumekaa tu.

Shahidi wa kwanza ni mwenye duka la Mingoyo, mzee mwungwana ambaye simdhanii uongo hata kidogo, na ugumu wa kazi yangu umo humo. Anasema alivamiwa saa nne usiku, akamtambua mteja wangu kwa mwanga wa taa ya sola. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Kwa hiyo nauliza polepole. Taa ilitundikwa wapi? Ndani, nyuma ya kaunta. Wavamizi walisimama wapi? Mlangoni. Tochi ilimulika nani? "Ilinimulika mimi machoni." Uliwatazama kwa muda gani? Dakika tano, anasema, ila kwa sehemu kubwa alilazwa kifudifudi. Kusema taa ilikuwapo hakutoshi. Lazima ijulikane ilikuwa na nguvu gani na ilimwangukia nani.

Saa saba imepita, joto limezidi, na hakimu anayeandika kila jibu kwa mkono ananitaka nipunguze kasi. Ndipo tunafika kwenye kiini. Mzee anasema alimfahamu kijana huyu kama mteja wa dukani. Majirani walipofika usiku uleule, uliwatajia jina? Kimya. Naomba asomewe maelezo yake ya polisi ya asubuhi iliyofuata, nayo yanasema: "vijana wawili nisiowafahamu". Jina lilitajwa siku tisa baadaye, bila sababu kuelezwa. Ikiwa alimfahamu, kwa nini hakumtaja mapema? Ikiwa hakumfahamu, gwaride la utambulisho, la kumchagua mshukiwa katikati ya watu wengine, liko wapi, na la maana zaidi, maelezo ya umbo na mavazi yaliyotolewa kabla ya gwaride? Kumnyooshea kidole mtu aliye peke yake kizimbani hakumtambulishi. Maelezo yale ya polisi yanapokelewa kuwa kielelezo.

Wakili wa Serikali anasawazisha: mzee alikuwa na hofu usiku ule. Hoja nzuri, nakiri, lakini hofu iliyofunga kinywa ingeweza pia kuvuruga macho.

Sikumbuki saa ngapi tumeahirisha. Mama ananiuliza, "Mwanangu, anatoka leo?" Namwambia bado yupo mpelelezi, ambaye ndiye atakayeeleza jina lile lilitoka wapi siku ya tisa.