Dakika 45 na swali la gunia za korosho

Jana nilifanya mtihani wa sheria ya ushahidi. Saa 3, maswali 4, vitabu ruksa. Nimeamka leo nikiwa bado nalifikiria swali la pili, kwa hiyo naliandika hapa kabla jua la Mtwara halijanifukuza barazani.

Mwaka jana niliufeli mtihani huuhuu. Niliingia na sheria nzima ya ushahidi, Sura ya 6, nimebandika vikaratasi vya rangi kila mahali, na nilipokutana na swali la maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa anayoyatoa polisi baada ya kuonywa, nilifungua kifungu cha 27 nikaanza kukinakili. Chote, neno kwa neno. Nilipoinua kichwa dakika 10 zilikuwa zimekwenda na mshtakiwa wa kwenye swali sijamtaja hata mara moja. Karatasi iliporudi, msahihishaji alikuwa ameandika pembeni: "Kifungu ninacho. Mshtakiwa yuko wapi?" Maneno hayo niliyabeba mwaka mzima.

Safari hii niliamua kutonakili kifungu chochote. Maswali 4 kwa saa 3 ni dakika 45 kila moja, na ukitoa za kusoma na kupanga zinabaki kama 35 za kuandika. Katika muda huo unaweza kuitaja kanuni, useme imetoka wapi, kisha uibebe hadi kwenye mambo ya swali. Maneno ya bunge yabaki kwenye kitabu.

Swali lenyewe lilikuwa la huku kwetu. Usiku wa saa 8, katika kijiji kilicho mbele ya Nanyamba, gunia 2 za korosho zinaibwa kwenye ghala la mzee mmoja. Mjukuu wake wa miaka 11 amelala barazani. Anaamka, anamwona mtu akibeba gunia kwenye mwanga wa taa ya sola. Siku ya tatu polisi wanamkamata jirani saa 2 asubuhi, na mtoto anasema ndiye. Maelezo ya onyo yanachukuliwa saa 11 jioni siku hiyohiyo, na jirani anakiri. Nyumbani kwake zinakutwa gunia 2. Mahakamani anasema alipigwa, na korosho alizinunua kwa kangomba, yaani biashara ya magendo ya korosho. Jadili ushahidi wa Jamhuri.

Mimi ni karani wa ghala la korosho. Nilipolisoma swali hilo mikono ilitulia.

Nilianza na utambuzi, kwa sababu ndiyo nguzo ya kwanza ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, na ndiyo inayoyumba. Kanuni yake imo katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya 1980: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na mahakama isiutegemee mpaka iridhike kwamba kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Sentensi hiyo moja inatosha. Kazi inabaki kwenye maswali ambayo mahakama ile iliyaweka: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na alikuwa akimfahamu kabla? Niliyajibu moja moja kwa mambo ya swali. Muda haukutajwa. Umbali haukutajwa. Taa ilikuwepo, lakini ukali wake haukuelezwa. Kumfahamu kabla ndiko pekee kunakoisaidia Jamhuri, maana ni jirani. Halafu nikaweka jambo ambalo wengi hulipita: mtoto alimtaja jirani siku ya tatu, baada ya kukamatwa. Kesi ya Marwa Wangiti Mwita inasema kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ndiko kunakompa shahidi uzito. Kama mtoto aliamka akamwona jirani anayemjua, kwa nini babu yake hakuambiwa asubuhi ile? Labda ipo sababu, lakini ni Jamhuri inayopaswa kuileta.

Hapo zilikuwa zimekwenda kama dakika 9 na sikuwa nimekifungua kitabu. Nilijisikia vizuri, na ndipo nilipokosea.

Niliandika kwamba kwa kuwa shahidi ni wa miaka 11, hakimu amhoji kwanza kupima kama anaelewa maana ya kiapo na ana akili ya kutosha kutoa ushahidi. Niliandika haraka, kwa uhakika wote, kama nilivyoikariri kutoka kwenye daftari la zamani la kaka mmoja aliyetutangulia. Nilikuwa nimefika sentensi ya tatu nikaona kwenye kifungu cha 127 kikaratasi changu cha njano chenye mwaka tu: 2016.

Nikafungua. Utaratibu ule wa kumpima mtoto uliondolewa kwa marekebisho ya 2016. Sasa mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kabla ya kusema lolote lazima aahidi kuiambia mahakama ukweli na si uongo. Ahadi hiyo ndiyo roho ya kifungu. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Godfrey Wilson ilieleza namna hakimu anavyoweza kufika hapo kwa maswali mepesi: una umri gani, dini yako ipi, unaelewa kiapo, na kama huelewi, je, unaahidi kusema ukweli? Ahadi ikikosekana kwenye kumbukumbu za shauri, ushahidi huo unaingia kwenye hatari ya kukosa thamani. Nilikata sentensi zangu 3 kwa mstari mmoja nikaandika upya. Mahali hapo tu, katika mtihani mzima, niliweka maneno ya sheria yenyewe, na yalikuwa machache: kuahidi, ukweli, si uongo.

Hili nataka nilikumbuke. Kanuni iliyo kichwani haikwambii kwamba imekufa. Inakuja na sauti ileile ya kujiamini iliyokuwa nayo siku ulipoikariri. Nilikuwa nikidhani kitabu kinaruhusiwa ili ninakili, na mwaka mzima wa kujiandaa nilikuwa nakiogopa kwa sababu hiyo. Kumbe kazi yake ni kukagua mahali sheria ilipobadilika, na neno gani hasa linaamua. Kwa mtihani ujao vikaratasi vyangu vitakaa kwenye vifungu vilivyorekebishwa tu. Vingine nitaving'oa.

Maelezo ya onyo ndiyo sehemu niliyoiandika kwa kisasi cha mwaka jana. Kifungu cha 27 kina mengi, lakini katika swali hili kinachohitajika ni kwamba kukiri mbele ya polisi kunapokelewa kama kulikuwa kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo uko kwa upande wa mashtaka. Basi. Mistari 2. Kisha nikaenda kwa hatua, kwa sababu hapa watu huchanganya kupokelewa kwa maelezo na uzito wake. Mshtakiwa akisema alipigwa, analisema wakati maelezo yanaletwa kama kielelezo, na hakimu anasimamisha kesi kuu, anafanya uchunguzi mdogo kuhusu hiari peke yake, anatoa uamuzi, ndipo kesi inaendelea. Akingoja mpaka zamu yake ya kujitetea, amechelewa. Maelezo yanakuwa yamekwisha kupokelewa, na anachobakiwa nacho ni kugombania uzito.

Uzito nao una kanuni yake, ya tangu 1967, kesi ya Tuwamoi dhidi ya Uganda. Mshtakiwa akisema hakuyasema kabisa, au aliyasema lakini kwa kulazimishwa, mahakama iyatazame maelezo kwa tahadhari na kwa kawaida itafute ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, ingawa inaweza kutia hatiani bila huo ikiridhika kabisa kwamba hayawezi kuwa mengine ila kweli. Jirani wa kwenye swali yuko katika kundi la pili. Nikalisema hilo waziwazi, maana msahihishaji alitaka kumwona mshtakiwa.

Na saa. Alikamatwa saa 2 asubuhi, akaandikwa saa 11 jioni, yaani saa 9 baadaye. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 50, inatoa saa 4 za msingi tangu mtu anapowekwa chini ya ulinzi, na 51 inaruhusu kuongezwa. Swali halikusema muda uliongezwa. Niliandika kwamba Jamhuri isipoeleza ucheleweshaji huo, maelezo yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu hata kama hakuna aliyepigwa. Dada niliyekaa naye mstari mmoja, anayetoka Masasi, aliniambia nje kwamba hakuiona saa hiyo kabisa. "Niliona kipigo tu, dada, nikakifuata." Kipigo kinapiga kelele, saa inakaa kimya kwenye sentensi.

Kwa sababu ya dakika nilizopoteza kwa mtoto, gunia zilipata mistari michache, na hilo linaniuma kwa kuwa ndilo ninalolijua kwa mikono. Kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni inataka mali ikutwe kwa mshtakiwa, ithibitishwe kuwa ni ya mlalamikaji, iwe imeibwa karibuni, na iwe ndiyo iliyo kwenye shtaka. La pili ndilo gumu. Korosho ghafi ya mzee huyu na korosho ghafi ya jirani yake, ukizimwaga sakafuni pamoja, hata mimi niliyezipima misimu 6 sitazitenganisha. Labda gunia lina alama, kiraka, uzi wa rangi ulioshonewa mdomo, namba iliyoandikwa kwa makaa. Swali halikutaja alama yoyote. Bila hiyo, kisa cha kangomba, hata kama chenyewe ni biashara iliyokatazwa, kinaweza kuwa maelezo yanayowezekana, na mshtakiwa hatakiwi kufanya zaidi ya hapo.

Muda ukaisha nikiwa kwenye neno "alama".

Jana usiku, watoto walipolala, nilitoka na taa yetu ya sola nikaitundika kwenye mlango wa stoo. Nikamwomba mdogo wangu asimame na gunia tupu begani. Kwa hatua 5 nilimwona pua na macho. Kwa hatua 12 nilimjua kwa mwendo wake, si kwa sura, na gunia lilipokaa upande wa mwanga sikuona uso kabisa. Kwenye karatasi niliandika tu kwamba ukali wa mwanga haukuelezwa. Sikuandika gunia lilikuwa bega gani.