Siku niliyowaambia wateja wangu mikate inapanda bei

Saa 9 na nusu usiku. Mvua ya masika inapiga bati, umeme upo alhamdulillah, na mie nshaamka. Kwa wasionijua, nauza mikate ya kusukuma hapa Magomeni, Unguja, wengine mnaita chapati, kila siku kilo kumi za unga zinanitolea mikate 180. Donge moja gramu 90, napima kwa mizani kweli, sababu yake ntawaambia huko mbele. Leo Jumatatu tarehe 11 Mei ni siku niliyojiapiza kwamba nawaambia wateja bei inapanda. Nimeiahirisha tangu Machi, kila nikitaka kusema naona haya, nasema kesho, kesho haifiki.

Saa 10. Unga ushakandwa, umefunikwa umelala. Msaidizi wangu kaingia, mtoto wa jirani, kalowa mpaka mtandio. Tunafanya madonge, yeye anasukuma anapaka mafuta anakunja, mie nipo kwenye chuma. Nilipoinamisha dumu kumimina mafuta ndio nikaikumbuka ile hesabu ya jana usiku. Mikate 180 inakula lita mbili na nusu za mafuta, na dumu la lita 20 nililokuwa nanunua 88,000 sasa nanunua 110,000. Kwa hiyo kila siku mafuta peke yake yametoka 11,000 yakawa 13,750. Gesi mtungi wa kilo 15 unanikalia siku sita, ulikuwa 54,000 sasa 60,000, yaani elfu moja zaidi kwa siku. Na huyu mtoto nilikuwa nampa 10,000, tangu mwezi uliopita nampa 12,000 kwani kazi ya saa 10 usiku si ya kumpa mtu nauli na chai tu. Unga umesimama pale pale, 18,000 kwa kilo kumi, na makaratasi ya kufungia 2,000.

Ukijumlisha, zamani siku yangu ilikuwa inanigharimu 50,000, sasa 55,750. Gawa kwa 180, mkate mmoja umetoka shilingi 278 hadi 310. Umeongezeka 32. Madukani nauza 350, majumbani kumi kwa 4,000. Sasa nyie hesabuni wenyewe kwenye mkate wa duka nabaki na ngapi. Arubaini. Na hapo mkate ukiungua mmoja ndio umekwenda na faida ya saba na zaidi.

Saa 12 na nusu asubuhi. Boda kachukua, duka la Mpendae mikate 60, duka la Kikwajuni 50, inayobaki 70 ni ya majumbani. Mie nakaa na chai na simu, naandika ujumbe.

Ujumbe wa kwanza nilioandika nauweka hapa mnicheke: "Kutokana na hali ya maisha kuwa ngumu na vitu vyote kupanda, bei zetu zitabadilika kidogo baada ya Idi, tunaomba radhi kwa usumbufu." Nikausoma kwa sauti. Msaidizi akaniuliza, kidogo ndio ngapi? Na mama yangu aliyekaa kwenye jamvi anachambua mchele akauliza lake: baada ya Idi ipi, sikukuu mosi au sikukuu nne? Mwezi wa Mfunguo Tatu wenyewe haujaandama, na huku kwetu unajua wapo wanaosali leo na wapo wanaosali kesho, sasa mtu kaja sikukuu tatu na elfu nne yake mkononi utamwambia Idi yako haijaisha? Nikafuta. Nikaandika Jumatatu tarehe 1 Juni, siku na tarehe pamoja, maana ukikosea kimoja mtu anakukamata kwa cha pili.

Halafu hili la "vitu vyote kupanda". Si kweli. Unga haujapanda, na ami mwenye duka la Mpendae ndie anaeniuzia unga! Nikimwambia unga umepanda atanitazama tu, na kuanzia hapo hata nikisema ukweli hataniamini. Kuna wanaosema andika dola, dola haina wa kuikanusha. Mie sinunui mafuta kwa dola, nanunua Darajani kwa shilingi, ntaandika dumu.

Nikaandika pia "nimemuongeza msaidizi wangu 2,000". Mwenyewe alipoisikia akakataa kabisa, "Dada, watu watasema mimi ndie niliyewapandishia mkate." Ana haki, mshahara wake si wa kutangazwa mtaani, na mie sitaki kuificha sababu. Tukakubaliana niandike ujira wa kazi umeongezeka, basi, bila ya kiasi.

Saa 3. Fikra nyingi. Kwa nini nisiongeze 32 tu ikawa sawasawa? Mikate kumi ingekuwa 4,320, ile ishirini naitafutia wapi chenji? Lakini hiyo si sababu yote na sitaki kujifanya. Nikipandisha hamsini, ile 18 inayozidi ni yangu. Kabla mafuta hayajapanda nilikuwa nabaki na 16,500 kwa siku, sasa nabaki na 10,750, na bei mpya itanipeleka 19,750. Yaani ntapata zaidi ya zamani kwa 3,250. Miezi yote hii faida yangu imeliwa nimenyamaza kimya na sitaki tena mwezi wa Agosti nirudi kuwaambia imepanda tena. Akiniuliza mtu ntamjibu hivyo hivyo. Asiponiuliza simhadithii faida yangu, ila simwambii pia kwamba zote hamsini ni mafuta.

Nilitaka kuongeza "bei hii haitobadilika mpaka mwisho wa mwaka", nikaiondoa. Mie najua mafuta yatakuwaje Oktoba?

Njia ya pili ilikuwa kuacha bei na kupunguza donge. Nshaifanya hiyo, ndio kisa cha mizani. Mwaka jana nilishuka gramu 90 mpaka 75 nikanyamaza. Wiki haikwisha, bibi mmoja mteja wangu wa Kikwajuni akaunyanyua mkate mbele ya dirisha akaniambia, "Mwanangu, mkate wako siku hizi namuona jirani." Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku ile napima, na ndio maana kwenye ujumbe nimeandika ukubwa ni ule ule.

Saa 5 kasorobo. Nimetuma. Huu hapa:

"Assalaam alaykum. Kuanzia Jumatatu tarehe 1 Juni bei ya mikate ya kusukuma inapanda. Madukani: mmoja ulikuwa 350, utakuwa 400. Majumbani: kumi ilikuwa 4,000, itakuwa 4,500. Sababu: dumu la mafuta lita 20 limetoka 88,000 hadi 110,000, gesi imetoka 54,000 hadi 60,000, na ujira wa kazi umeongezeka. Unga haujapanda. Ukubwa wa mkate ni ule ule. Mpaka Jumapili tarehe 31 Mei bei ni ya zamani. Odaa iliyolipwa kabla ya tarehe 1 Juni haiongezwi kitu. Wa daftari, ya Mei mtalipa kwa bei ya Mei."

Saa 5 na dakika kumi. Nshaharibu. Nimetuma ujumbe mmoja kwa wote, maduka na majumba, na sasa mama mmoja wa hapa nyuma kaandika kwenye grupu: "Kumbe madukani 350? Na sisi miaka yote 400?" Wakamfuata wawili. Yaani hamna aliyejadili dumu wala gesi, wote wanajadili ile 350. Kosa langu, kila mtu alitakiwa apate bei yake tu. Kufuta haisaidii washasoma, ningefuta wangesema nimeficha. Nikajibu: duka linachukua 60 kila siku, mvua ije isije, mkate usiponunuliwa hasara ni ya duka, nyie mnachukua kumi mkipenda na msipopenda hamchukui, na mkinunua dukani mtauziwa 500. Yule wa kwanza kaweka kidole gumba. Wa pili kimya, na huyo wa kimya ndie ninaemhofia.

Saa 7 na nusu mchana. Nimekwenda mwenyewe Mpendae kwa ami, sikutaka aishie kwenye simu, mtu ananichukulia sitini kwa siku. Kwanza kaniachia nisimame mpaka kamaliza kupima sukari ya mtu. Halafu akasema, "Mwanangu, ujumbe nimeusoma, mafuta ni kweli, mie mwenyewe nauza. Lakini nikinunua 400 nikauza 500 nabaki na mia. Nikiuza 600 huyu wa skuli hanunui." Akaniomba yeye nimuache 350, tusimwambie mtu. Ningekubali ingekuwa raha ya dakika mbili, duka la Kikwajuni wanajuana, na mie siku moja ya kusema ukweli nishaichoka siiwezi kuianza upya. Nikamwambia ami haiwezekani, lakini mpaka tarehe 31 ni 350, hilo sibadilishi hata mafuta yakipanda kesho. Akauliza, yakishuka utashusha? Nikamwambia dumu likirudi 88,000 nakuja hapa hapa tunakaa tunazungumza, ila siahidi. Akaguna. Akasema atafikiri.

Saa 10 alasiri. Simu ya mwenye hitma. Kashalipa mikate 200 ya tarehe 6 Juni, 80,000 yake ninayo tangu wiki iliyopita, na kwa bei mpya ingekuwa 90,000. Kapiga kwa sauti ya mtu anaetegemea ugomvi, niongeze ngapi? Nikamwambia soma mstari wa odaa. Kimya kidogo, halafu "aa, ahsante bi mdogo". Elfu kumi inaniuma, siwadanganyi, lakini kalipa kabla.

Saa 2 usiku. Daftari. Wateja tisa wa mwisho wa mwezi, kila ukurasa nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya nafasi ya tarehe 31, chini yake nimeandika 4,500, maana najijua, Juni ikianza mkono utaandika 4,000 wenyewe.

Saa 3 kasoro ujumbe wa ami: "Tarehe 1 niletee 45." Basi. Kumi na tano zimekwenda, hazifiki hata kilo moja ya unga. Ukitoa faida yangu kwenye hizo bado napata zaidi ya leo, nimepiga hesabu mara mbili. Kesho lakini bado ni sitini. Nimepima kilo zangu kumi, nimefunika beseni, nakwenda kulala.