Nilivyojaribu kazi ya mipaka ya mashamba kabla sijaichagua

Nasomea jiomatiki hapa Nairobi, hii kozi ya upimaji na ramani, na ukifika mwaka wa 3 hivi watu huanza kugawanyika. Kuna wale wa kadasta, yaani mipaka ya mashamba na taito, na kuna wale wa ramani za kompyuta. Ya kadasta ni njia ndefu sana manake ukimaliza digrii bado huwezi kusaini kitu, unakaa miaka chini ya saveya mwenye leseni, ufanye mitihani, upimwe na bodi ya wapima ardhi ndio upate yako. Sasa mimi nikajiambia siwezi kujifunga na kitu cha urefu huo kwa sababu tu mwalimu alikifundisha vizuri darasani, lazima nikione kwanza. Nitaeleza vile nilifanya, manake naona wengi wanachukua atachmenti popote ilimradi logibuku ijae.

Nilianza na kazi ya cheniman likizo ya mwaka wa 2. Cheniman ni yule anayeshika prizma, kile kioo ambacho mashine ya kupima inalenga, anachimba, anabeba mawe na simenti ya bikoni, yaani alama za mpaka, anafyeka kichaka mashine ione. Nilipitia kwa jirani yetu mtaani Kayole ambaye amefanya hiyo kazi tangu mimi sijazaliwa, akaongea na bosi wake nikachukuliwa kwa malipo ya kibarua. Huyo mzee ndiye alinifunza zaidi, na hajawahi kukaa darasa la upimaji. Tukifika shambani haanzi na mashine, anaanza na jembe. Anauliza wazee wa hapo bikoni ilikuwa wapi, anaangalia ua wa zamani umeinama wapi, anachimba polepole, na chuma kikitokea anakipangusa na mkono kuona kama ni kile cha zamani ama kuna mtu alikichomeka juzi. "Kijana, angalia kutu," ananiambia, "na uangalie simenti imeshika udongo vipi. Chuma kilichohamishwa udongo wake huwa mlegevu."

Nilipenda sana hiyo kazi, jua na vumbi zote. Lakini nilianza kugundua kitu hapo: saveya mwenyewe alikuwa anakuja shambani asubuhi, anapima, saa saba ashaenda, na wiki inayofuata yote simwoni. Nikauliza mzee huwa anaenda wapi. "Ofisini. Huku nje ni kidogo tu, kazi yenyewe ni makaratasi." Kwa hivyo kama ningeishia hapo ningesema naipenda kadasta, na kumbe nimeonjeshwa kipande kimoja chake, tena kile kitamu.

Ndio nikataka kuonja upande ule mwingine pia. Nairobi hii kujitolea kwa ramani si ngumu, tangu mradi wa Map Kibera uanze 2009 kumekuwa na vijana wanaochora mitaa kwenye OpenStreetMap, na mtu yeyote anaweza kufungua akaunti achangie. Nilikuwa nachora jioni nikitoka chuo, nyumba, vichochoro, mabomba ya maji, halafu nikajiunga na kikundi kilichokuwa kinatengeneza ramani kwa programu ya QGIS kwa ajili ya watu wa mtaa. Hapo nikapewa kazi ambayo ilinionyesha hali halisi ya huo upande. Tulikuwa na ramani mbili za eneo moja, moja kutoka picha za setilaiti na nyingine kutoka kwa michoro ya zamani, na zikiwekwa pamoja barabara inakaa mbali na barabara, kama mita 300 hivi kaskazini-kusini. Sababu ni kwamba michoro ya zamani ya Kenya iko kwenye mfumo wa viwianishi wa Arc 1960 na setilaiti inatumia mfumo mwingine, WGS84. Mtu akiifungua ile ya zamani kwa EPSG:32737, namba ya WGS84, badala ya EPSG:21037 ya Arc 1960, kompyuta haitalia wala kukuonya, itaichora tu pahali pasipo. Unajua kuna shida ukiona kila kitu kimesogea upande mmoja kwa kiasi kilekile, manake kosa la mpimaji halikuwi nadhifu hivyo.

Kazi ya akili, na niliimudu. Lakini nilijichunguza nikaona nikishapata jibu sina hamu ya kujua ramani imeenda kwa nani na imefanya nini. Mwenzangu mmoja alikuwa kinyume kabisa, yeye alikuwa anaweza kulala hapo kwa kompyuta akitafuta rangi inayoonekana vizuri kwa karatasi. Nikaelewa kwamba mimi nataka kazi yenye mwenyewe, mtu ninayemjua jina anayengoja jibu langu.

Sasa ikafika atachmenti ya chuo. Nilizunguka na barua ya chuo na karatasi ya bima ofisi za katikati ya mji na za Upper Hill, na kila nilipokubaliwa kuongea niliomba kitu kimoja: nipewe faili moja nifuate kutoka mteja anapoingia mpaka inapofika. Ofisi moja waliniambia waziwazi wanataka mtu wa kwenda shamba kila siku, nikawashukuru nikaendelea, kwa sababu shamba nilikuwa nishaijua. Iliyonichukua ni ofisi ndogo, saveya mmoja mzee, sekretari na mafundi wawili. Hawakuwa wanalipa, nauli tu ya siku za nje, na hiyo lazima mtu aipangie mapema, mimi nilikuwa nimeweka akiba ya zile pesa za cheniman.

Faili niliyopewa ilikuwa ya mama mmoja mwenye ekari moja upande wa Kitengela. Alikuwa anataka igawanywe ploti 8 za hamsini kwa mia, barabara katikati, na wanunuzi wengine walikuwa wameshalipa dipoziti. Kwa karatasi inaonekana rahisi, si kila mtu husema ekari inatoa hamsini kwa mia nane? Tukaenda tukapima. Tulitumia RTK, ile GPS ya kupimia kwa sentimita, na hapo saveya alinisimamisha kwa kona moja chini ya miti akaniuliza, "Skrini inasema nini?" Ilikuwa inasema FLOAT. Ikisema FIXED uko ndani ya sentimita chache, ikisema FLOAT unaweza kuwa umekosea nusu mita ama zaidi na namba bado zinaonekana nzuri tu. Tukahamia kutumia totali stesheni, mashine inayolenga prizma bila kutegemea setilaiti, kwa hiyo kona. Na kabla ya kuondoka tukarudi kupima pointi tuliyoanza nayo kuona kama inasoma vilevile.

Jioni nikakaa na hesabu. Shamba lilikuwa mita 64 kwa 63.2, hiyo ni ekari kweli. Ploti ya hamsini kwa mia ni futi, yaani mita 15.24 kwa 30.48. Barabara planna wetu alitaka iwe mita 9. Sasa ukiweka ploti mbili zikiangaliana na barabara katikati unahitaji 30.48 mara mbili, kama 61, ujumlishe 9, inakuwa mita 70. Tuko na 64. Toa barabara kwa 64 inabaki 55, kila upande 27.5, ambayo ni kama futi 90. Upana ukigawanya 63.2 kwa 4 unapata 15.8, karibu futi 52. Kwa hivyo ploti 8 zinatoka, lakini ni za mita mraba 434 na nusu, badala ya 464 na nusu ambazo watu walikuwa wameahidiwa. Barabara haitoki hewani, inatoka kwa ploti.

Saveya akaniambia nimweleze mteja mimi mwenyewe, yeye akiwa hapo. Niliogopa kidogo lakini nikachora kwa karatasi kubwa, na nikaandika futi badala ya mita manake yeye alikuwa anafikiria kwa futi. Mama aliangalia sana halafu akasema, "Sasa mwanangu, hawa watu nitawaambia nini?" Tukapitia na yeye njia zilizokuwepo: auze 8 kama hamsini kwa tisini na apunguze bei, ama auze 6 kubwa. Alichagua 8, na akawaita wanunuzi kabla bikoni hazijawekwa. Nilitoka kwa hiyo chumba nikijua. Hakuna siku nyingine ya atachmenti niliyoitamani vile, hata zile za shambani.

Lakini nilitaka kuona na kile kipande kibaya. Baada ya hapo faili iliingia kungoja. Mpango wa mgawanyo uende kaunti upitishwe, halafu kwa kuwa ni shamba la kilimo bodi ya udhibiti wa ardhi itoe kibali, na bodi haikai kila siku, ukikosa kikao unangoja kingine. Ndio fomu ya mutesheni, ile inayoonyesha shamba limegawanywa vipi, ijazwe, ikaguliwe upande wa upimaji, ramani ya rejista irekebishwe, ndio taito mpya zifuate. Mutesheni yetu ilirudishwa na maswali kuhusu namba za ploti na jumla ya eneo, nikakaa siku nzima nikijumlisha tena kila kipande pamoja na barabara mpaka jumla ilingane na ya taito mama. Atachmenti yangu iliisha taito hazijatoka. Hiyo pekee inakwambia kitu, kwamba ukitaka kuona faili nzima lazima uanze na moja na umalizie na nyingine iliyotangulia, na hivyo ndivyo nilifanya, niliomba faili ya zamani iliyokuwa karibu kuisha nikaifuata mwisho wake.

Kwa logibuku nilikuwa na safu yangu ya pembeni ambayo chuo hawakuitaka. Kila jioni naandika kazi gani niliianza bila kuambiwa na gani niliisukuma mpaka kesho. Kuuliza mtu kama "unapenda?" hakusaidii, jioni ukiwa umechoka hupendi kitu. Lakini nikisoma hiyo safu naona hesabu za mgawanyo na kuongea na wateja nilizianza mwenyewe kila mara, na kuzungukia maofisi nilikusukuma, ila si mpaka kuharibu kazi. Kungoja naweza kuishi nako. Ingekuwa ni hesabu ndizo nasukuma, ningeenda upande wa ramani siku hiyohiyo.

Pia nilimuuliza yule saveya jambo ambalo atachii hawezi kulionja, kusaini. Mimi nikikosea yeye ndiye jina lake liko kwa fomu, kwa hivyo uzito wenyewe sikuubeba. Akaniambia kinachomnyima usingizi ni kesi za mipaka, kwenda mbele ya msajili wa ardhi ama korti kueleza kazi aliyoifanya miaka mingi nyuma, na majirani wote wawili wamekukasirikia. Akaniruhusu niende naye moja ikitokea. Saa hii naenda hapo kwake Jumamosi, nimeshamwambia nataka kufanya chini yake nikimaliza chuo, na hiyo kesi ya mpaka bado tunaingoja itajiwe tarehe.