Taa ya ufunguo inapepesa, gari haliwaki

Jana asubuhi hapa Mwanga, Kigoma, gari lilinigomea. Nikipiga starta injini inashika sekunde moja, inazima, na ile taa ya alama ya ufunguo kwenye dashibodi inapepesa mfululizo. Kupepesa gari likiwa limefungwa ni kawaida, lakini ukifungua swichi inatakiwa izime.

Jirani alisema betri. Ni kweli betri dhaifu huleta dalili hiyo: ukipiga starta umeme unashuka sana, kompyuta inashindwa kusoma ufunguo. Ila hapo starta huzunguka kwa uvivu na taa za dashibodi hufifia. Yangu ilizunguka kwa nguvu, na mita ilisoma volti 12.6. Betri haikuwa na kosa.

Nikachukua ufunguo wa akiba, gari likawaka palepale. Basi shida ilikuwa kwenye ufunguo wenyewe, ambao juzi nilibadilishiwa kasha sokoni. Nikatafuta kasha la zamani, bahati nilikuwa sijalitupa, nikalipasua kwa kisu. Chipu ambayo kompyuta ya gari huisoma ili kuutambua ufunguo ilikuwa bado imenata pembeni, kijiwe cheusi kidogo kuliko punje ya hindi. Nimeihamishia kasha jipya, taa imezima.

Chipu hiyo haitumii betri ya rimoti; inapata nguvu kutoka koili iliyozunguka swichi. Kwa hiyo rimoti yangu ilifungua milango vizuri huku gari likikataa kuwaka. Jamani, fundi akikubadilishia kasha, la zamani ondoka nalo.