Sekunde tatu za kwanza za omena ya mama

Nianze na kinachoniudhi hadi leo. Mwaka jana nililipa elfu mbili na kitu kuhudhuria mafunzo ya siku moja hapa Kisumu, ya kutengeneza video fupi za kuuzia bidhaa. Tulirudi nyumbani na karatasi ya mianzo ya kunakili: "Mambo matatu ambayo hukuyajua kuhusu...", "Hutaamini kilichotokea...", "Usinunue... kabla ya kutazama hii". Yote yalikuwa ya Kiingereza yaliyogeuzwa neno kwa neno, na sidhani kuna mtu aliyewahi kuyasema kwa sauti huku akitazama saa.

Mimi niliyasema. Mtu akiongea kwa mwendo unaoeleweka, sekunde tatu hubeba silabi kama 18 au 20, basi. "Mambo matatu ambayo hukuyajua kuhusu omena" ni silabi 19, na neno lenyewe, omena, ndilo la mwisho kusikika. Mtazamaji anangoja sekunde tatu nzima ndipo ajue ni habari ya nini, na kidole chake hakina subira hiyo. Kiswahili chetu kina vitenzi virefu, kwa hiyo inabidi kitu chenyewe kitangulie na kitenzi kiwe kifupi: ina, inanuka, imeoza. "Omena hii ina mchanga" ni silabi 10. Inamalizika kwa sekunde moja na nusu hivi, na omena imesikika mwanzoni kabisa.

Mama yangu huuza omena soko la Kibuye, kwa gorogoro na kwa gunia, na mimi ndiye mpiga video wake. Video zake za kwanza zilianza hivi: "Habari zenu wapendwa, karibuni tena kibandani kwetu." Silabi 20. Sekunde tatu zote zimeishia kwenye salamu. Nilipofungua grafu ya watazamaji waliobaki, ule mstari ulishuka kama jiwe kabla mama hajataja samaki. Nikamwambia tuitoe salamu. Akanitazama kana kwamba nimemvua kitambaa kichwani.

"Mwanangu, unaanzaje kusema na watu wazima bila kuwasalimu?"

Na ana haki. Kwetu mtu asiyesalimu hana adabu, na wanunuzi wake wengi ni kina mama wa rika lake. Tulikubaliana salamu ibaki, ila ihamie sekunde ya nne, baada ya mtu kuona kitu. Hapo tena inapendeza, maana anasalimiwa mtu ambaye tayari amesimama kibandani.

Kisha nikafanya kosa la ile karatasi. Niliandika kwa herufi kubwa: USINUNUE OMENA TENA. Watu walibaki, tena wengi. Lakini kufika sekunde ya tano, mama aliposema "...kama haijakauka vizuri", mstari ulianguka wote kwa mpigo mmoja. Wachuuzi wawili wa jirani nao wakaja kumuuliza mama kwa nini mtoto wake anawaharibia biashara. Nilikwenda kuomba radhi kibanda kwa kibanda, kisha nikaifuta. Mwanzo unaoahidi kitu ambacho video haina hukupa watazamaji wa sekunde tano, nao huondoka wakiwa wamekasirika.

Sasa niwaeleze ile iliyofaulu, maana hapa ndipo nilipojifunza kazi.

Omena ikianikwa chini ufukweni badala ya kwenye nyavu au vichanja, hubeba mchanga, na mnunuzi huujua ukishafika menoni. Mama alikuwa na nusu gunia la namna hiyo, alilonunua mwenyewe siku aliyochelewa. Wazo langu lilikuwa kuimwaga majini mchanga uonekane. Mara ya kwanza nilitumia beseni la buluu na kupiga video kutoka juu. Hakuna kilichoonekana, kwa sababu omena kavu huelea kwanza na kufunika maji yote, na mchanga uko chini yake. Mara ya pili nilitumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikaiweka dhidi ya mwanga wa asubuhi, simu ikiwa usawa wa kitako cha chupa. Hapo mchanga ulionekana ukishuka kama moshi, mzuri ajabu. Lakini ulichukua sekunde saba au nane kutulia, nami nina tatu.

Basi nikaanza na mwisho. Picha ya kwanza kabisa ni chupa ambayo mchanga umeshakaa chini, unene wa kucha, na mkono wa mama uko tayari hewani ukiigonga kwa kijiko. Ting! Mchanga unatikisika. Mama anasema, "Omena hii ina mchanga." Sekunde ya tatu chupa ya pili, safi, inatua kando yake, na swali linabaki machoni: hii nyingine imetoka wapi? Ndipo salamu, ndipo tunarudi kuonyesha kumwaga tangu mwanzo.

Ile nusu sekunde ambapo kidole kinatoka kwenye kitufe cha kurekodi na mama anajiweka sawa, niliikata yote. Usiiache hata kidogo. Mkono uwe tayari unafanya kazi video inapofunguka.

Wengi hutazama bila sauti, kwenye matatu au kitandani mwenzao akiwa amelala, hivyo maandishi lazima yasimame peke yake. Niliandika maneno matatu tu: MCHANGA KWENYE OMENA. Yapo tangu fremu ya kwanza, hayaingii yakirukaruka. Niliyaweka juu ya katikati ya skrini, kwa sababu chini hufunikwa na jina la akaunti na maelezo, na kulia kuna vitufe vya kupenda na kutoa maoni. Kabla ya kuitoa hadharani niliiweka ya faragha, nikaitazama kwenye simu ndogo ya mama yenye kioo kilichopasuka. Neno MCHANGA lilikuwa linaguswa na kitufe. Nikalisogeza.

Nilitengeneza mianzo mitatu juu ya video ileile, nikaiposti kwa siku tofauti. Si kipimo safi, maana Jumapili ya Kibuye si sawa na Jumanne, wala simu za watu hazishikwi kwa namna moja. Kwa hiyo siku hizi sihesabu sana idadi ya watazamaji. Naangalia mstari unaanguka wapi. Ukianguka ndani ya sekunde ya kwanza, picha ndiyo mbovu, maana maneno hayajapata hata nafasi ya kuharibu. Ukianguka sekunde ya pili au ya tatu, picha iliwashika ila maneno yakawachosha. Ukishikilia kisha ukaporomoka baada ya nne, ahadi haikutimizwa. Mwanzo wa chupa na kijiko ulivuka sekunde ya tatu na zaidi ya nusu ya watu, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kibandani kwetu.

Wenzangu wa mtandaoni huuita mwanzo huo ndoano. Nilipomwambia mama neno hilo alikataa.

"Omena haivuliwi kwa ndoano," akasema. "Huvuliwa usiku, kwa taa. Unawasha, inakuja yenyewe, halafu ndipo unatia wavu."

Wiki hiyo mteja wa Nakuru alipiga simu kuagiza gunia. Kabla hajauliza bei, alimwomba mama aigonge ile chupa kwanza, asikie.